Askari wa Majini

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu wa biskuti. Kila kikao alikaa na sahani ya biskuti mbele yake, akizivunjavunja bila kuzila, na makombo yakirukia karatasi za wenzake. Siku ile alivunja moja, akapangusa vidole, akauliza swali ambalo bila shaka aliliona la kina sana.

"Hebu nieleweshwe. Jeshi la nchi kavu lina askari wa miguu. Jeshi la wanamaji nalo lina askari wa miguu. Hawa wa pili ni wa nini?"

Meja alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, kofia mapajani. Yeye ndiye aliyekuwa kamanda wa hao wa pili, kikosi cha marini, yaani askari wa miguu wanaoishi melini na kushukia vitani kutoka baharini. Kikosi kizima, alichokilea tangu akiwa luteni mwenye masikio makubwa na akili ndogo, kilikuwa kimewekwa mezani kama samaki wa kupasuliwa. Kamati ingeamua kama kibaki au kivunjwe na watu wake wagawanywe katika jeshi la nchi kavu. Kabla hajafungua mdomo, Kanali wa jeshi la nchi kavu alimwahi.

"Mheshimiwa, wale ni askari wa majini," alisema Kanali, na kuivuta ile "majini" mpaka ikalegea. "Sasa kama ni majini ya kuogelea au majini ya kupungwa, hilo aulizwe mwenyewe."

Chumba kizima kikavunjika mbavu. Mwenyekiti alicheka mpaka akapaliwa na chai. Meja naye akatoa meno, maana Kanali hakuwa kanali tu, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, na utani wa shemeji haujibiwi kwa kununa. Lakini moyoni alisema, cheka tu, bwana mikanda.

Jina hilo la mikanda lilikuwa la kambini. Kanali alikuwa mtu safi kupita kiasi. Askari wake walijulikana nchi nzima kwa kunyooka: hakuna kifungo kilicholegea wala kamba ya kiatu iliyoning'inia. Kila mkanda kwenye mwili wa askari wa Kanali ulikazwa mpaka mtu akapumua kwa ruhusa. Akipita kukagua gwaride alivuta mkanda mmoja mmoja kwa kidole, na ole wako kidole kipite.

Meja alisimama, akajibu.

"Mheshimiwa, askari wa nchi kavu anakwenda vitani kwa barabara. Nyuma yake kuna lori, nyuma ya lori kuna ghala, nyuma ya ghala kuna nchi nzima. Marini nyuma yake kuna maji. Alichoshuka nacho ndicho alichonacho. Wale wanakwenda wengi na wanakaa, wanashika ardhi mwezi, mwaka. Sisi tunakwenda wachache, tunaushika mlango, ufukwe au bandari, mpaka hao wengi wafike. Hiyo ndiyo tofauti."

"Sawa, lakini kwa nini muwe wa jeshi la wanamaji?"

"Kwa sababu meli ina mizinga, haina mikono. Mzinga unaweza kuizamisha meli ya magendo, hauwezi kupanda juu yake na kufungua milango ya shehena. Hauwezi kuingia mji wenye vurugu ukatoka na raia wetu. Nahodha akitaka watu wa kazi hiyo, hawezi kupiga simu jeshi lingine aombe kuazimwa, wasafiri, watapike, wajifunze ngazi ziko wapi. Sisi anatuamsha tu. Tumelala chini ya miguu yake."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa namna ya watu ambao wameacha kusikiliza zamani.

"Kwa hiyo ni askari wa miguu waliozoea meli."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi na wengine wazoee!"

Wenzake wakaitikia kama wanafunzi. Ikaamuliwa pale pale, kwa busara ile ya watu walioshiba, kwamba lifanyike zoezi. Kombania moja ya Kanali ipande meli, ishuke kwa wavu wa kamba mpaka kwenye mashua, itue ufukweni na kuuteka mnara wa zamani wa taa. Ikiweza, marini hawana kazi. Meja angekuwepo kama mtazamaji, na mwenyekiti akanyoosha kidole chenye makombo. "Mtazamaji, Meja. Ukitamka neno moja la kuwaelekeza, tutahesabu umevuruga zoezi, na kikosi chako kitakuwa kimejimaliza chenyewe."

Jumapili Meja alikwenda kula kwa dada yake, kama kawaida. Nyumba ya Kanali nayo ilikuwa kama Kanali. Viatu vimepangwa mlangoni kwa ukubwa, mito ya makochi imesimama mgongo wima, na hata vijiko mezani vilikaa kama vinasubiri kukaguliwa. Dada alipakua, Kanali akahutubia.

"Vijana wangu wako tayari, shemeji. Nimewakagua mwenyewe. Kila mmoja na mzigo wake mgongoni, mkanda wa kiuno umekazwa, kofia ya chuma imefungwa kidevuni. Mtu hata umtingishe, hakitoki kitu."

Meja aliacha kutafuna.

Alijua kitu kimoja, ambacho kwa marini hakiitwi hata elimu, maana kila kuruta hufundishwa kabla hajaonyeshwa kitanda chake. Nchi kavu, mkanda unaokazwa humsaidia mtu: mzigo hautikisiki, anakimbia vizuri. Juu ya maji, mkanda huo huo ni jiwe la shingoni. Marini anaposhuka wavuni hufungua mkanda wa kiuno, hulegeza ya mabegani, hufungua na wa kidevuni. Akianguka, anautupa mzigo kwa kutikisa mabega tu. Asipofungua, mzigo unamvuta chini, na jaketi la kuokolea lililobanwa chini ya mikanda haliwezi kuvimba sawasawa likamwinua. Kofia nayo, ikiyapiga maji kutoka juu huku imefungwa, huchota maji na kuvuta shingo nyuma. Shingo haina mazoea ya kuvutwa hivyo.

"Ungependa nije niwafundishe kidogo kabla?" Meja aliuliza.

"Kufundishwa kushuka ngazi ya kamba?" Kanali alicheka, mkate mkononi. "Shemeji, watoto wanashuka miti. Au unataka uje useme wameweza kwa sababu yako?"

"Haya," alisema Meja. "Nimenyamaza."

Akanyamaza kweli. Akala, akaongeza mchuzi, akausifu. Ndani yake kulikuwa na raha fulani mbaya, ya mtu anayemwona mwenzake akielekea kwenye tope na suruali nyeupe. Alijiambia kutakuwa na mashua ya uokoaji. Alijiambia ataanguka mmoja, atalowa, kamati itaona, basi. Aliyojiambia yalikuwa ya kujipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na alijua.

Dada yake alimsindikiza mpaka kwenye geti.

"Wewe umekubali haraka mno," alisema. "Tangu utotoni ukinyamaza namna hiyo kuna kitu umeficha."

"Dada, mimi ni mtazamaji tu."

"Mh. Haya, mtazamaji. Salimia nyumbani."

Siku ya zoezi bahari ilikuwa na mawimbi ya wastani, ya kumkumbusha mgeni kwamba sakafu si mali yake. Kituko cha kwanza kilianzia shehenani. Kombania ya Kanali ilikuwa imepakia vitu vyake melini yenyewe, na ilipakia kwa nidhamu ya kutia machozi: masanduku yamepangwa kwa urefu, hakuna hata upenyo wa panya. Tatizo ni kwamba walipakia kama watu wanaohamia nyumba. Redio, betri na risasi za mazoezi, vilivyofika kwanza, viliingia kwanza, vikakaa chini kabisa. Juu yake likaja hema la jikoni, juu ya hema zikaja sufuria, na juu ya yote, kwa heshima kubwa, viti vya kukunja vya wageni. Marini hupakia kinyumenyume: kitakachohitajika kwanza ufukweni huingia mwisho. Meja alisimama akiangalia askari wakitoa sufuria ili wafike kwenye vita. Hakusema neno. Hapo hakukuwa na mtu wa kufa, na alifaidi kila sufuria.

Kamati ilikuwa sitahani, juu, chini ya turubai. Mwenyekiti alikuja na viatu vya ngozi vya kuteleza. Kufikia wakati meli inasimama mbele ya ufukwe, alikuwa ameshikilia nguzo na rangi yake imekuwa ya unga wa muhogo. Hakuna aliyemletea biskuti. Kanali mwenyewe alikuwa amesimama wima, jasho jembamba juu ya mdomo, akimeza mate mara kwa mara. Nusu ya askari wake walikuwa wametapika ndani ya ndoo, lakini kwa mstari.

Nahodha, aliyekuwa kwenye chumba cha usukani, aliigeuza meli taratibu ili ubavu wake mmoja ukingwe na upepo. Upande huo ndio mashua zilisogea, zikipanda na kushuka na mawimbi. Wavu wa kamba ulitupwa. Chini kabisa, ndani ya mashua ya uokoaji, alikuwepo sajini mkuu wa marini, mtu mzima mwenye shingo fupi. Alitazama juu, akawaona askari wa Kanali wamepanga foleni ukingoni, kisha akamtazama Meja. Hakupiga kelele. Alijipigapiga kiuno kwa kiganja, pale kifungio cha chuma cha mkanda kinapokaa, akanyoosha mikono kama anayeuliza: vipi, mzee?

Meja akageuza uso.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa koplo mwembamba mwenye mzigo uliokaribia kumzidi ukubwa. Kila kitu mwilini mwake kilikuwa kimekazwa kwa ustadi wa Kanali. Alivuka ukingo, akashika kamba zilizolala, zile za kukanyagia. Wa pili akamfuata, naye, kwa kuwa mtu hukanyaga palipo na kamba, akamkanyaga vidole. Koplo aliachia mkono mmoja. Mzigo ukamzungusha, akabaki ananing'inia upande upande kama nguo iliyoanikwa vibaya. Chini mashua ilishuka na wimbi, na pengo likafunguka kati yake na ubavu wa meli, maji meusi yakinyonya na kutema.

Pale, raha yote ya Jumapili ilimtoka Meja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alimwona koplo yule akitazama juu. Si kwa Kanali wala kwa kamati. Alimtazama yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Ilikuwa sura ya mtu anayeamini kwamba waliomtuma wanajua.

Kikosi changu, aliwaza Meja. Vijana wangu wote. Nikifungua mdomo nimewauza.

Akafungua mdomo.

"Simama! Wote simama! Hakuna anayevuka!" Sauti yake ilipanda mpaka chumba cha usukani. "Wewe uliye juu, inua mguu, mwache mwenzako! Koplo, shika kamba iliyosimama. Iliyosimama! Mikono kwenye zilizosimama, miguu kwenye zilizolala. Vizuri. Sasa mkono mmoja, fungua mkanda wa kiuno. Fungua wa kidevu. Legeza mabega. Na ninyi ukingoni, fungueni! Mikanda yote fungueni!"

Askari wale walimtazama Kanali. Maisha yao yote ya uaskari walikuwa wameadhibiwa kwa mkanda uliolegea. Kanali alitazama chini, akaliona lile pengo la maji. Uso wake ukabadilika.

"Fungueni!" akanguruma. "Hamsikii? Fungueni!"

Vifungio vikalia ukingo mzima, ka, ka, ka. Koplo alishuka, mikono kwenye kamba zilizosimama, hatua kwa hatua. Alipofika chini alikosea kitu kimoja tu, ambacho hakuna aliyekuwa amemwambia: alijiachia wakati mashua inashuka. Haikuwepo pale alipoiacha. Akaingia majini mzima mzima.

Kofia ilimtoka kwanza, ikazama peke yake. Kisha mabega yakatikisika, mara moja, mara mbili, mzigo ukamvuka na kwenda zake chini. Jaketi likavimba, koplo akaibuka anakohoa na kutukana. Sajini mkuu alimshika ukosi, akamvuta ndani ya mashua kama gunia la vitunguu.

Wengine walishuka polepole, lakini walishuka. Walitua ufukweni, wakauteka mnara wa taa, ambao haukuwa na mtu wa kuulinda isipokuwa kunguru. Taarifa ya ushindi haikufika melini, kwa kuwa betri za redio zilikuwa bado chini ya sufuria. Askari mmoja alipunga shati.

Mwenyekiti, sasa akiwa amepata rangi kidogo, alijaribu kupiga makofi bila kuachia nguzo.

"Mmeona?" alisema. "Kumbe maelekezo mafupi tu yanatosha! Meja, umevunja sharti, lakini umetusaidia sana. Umetuonyesha kwamba utaalamu wenu wote ni maneno ya dakika moja."

Meja alipiga saluti. Mtu wa namna hiyo ukimjibu unampa kazi ya kufikiri, na hakuwa na leseni.

Kikosi cha marini kilivunjwa mwezi huo. Ripoti ya kamati ilisifu uwezo wa askari wa nchi kavu kuzoea mazingira. Mwishoni, kwa kuwa nahodha na wenzake walikuwa wamepiga kelele kwamba meli haziwezi kubaki bila watu wa kupanda meli nyingine na kushuka ufukweni, kamati ilitoa wazo lake jipya kabisa, lililotoka kichwani mwake yenyewe. Iundwe kombania maalumu ya jeshi la nchi kavu. Kombania hiyo iishi melini wakati wote. Ijifunze wavu, mashua na upakiaji. Ikiwa baharini ipokee amri za nahodha. Kamanda wake awe Kanali, kwa kuwa ana uzoefu. Naibu wake awe Meja.

Meja aliisoma mara mbili akitafuta mzaha. Hakuupata. Walikuwa wamewaua marini na kuwazaa upya, kisha wakataka hongera ya uzazi. Vijana wake walibadilishwa beji, wakapewa vitanda vile vile walivyolalia jana. Askari wa vikosi vingine waliwaona wakipita bandarini na kuwaita jina lile lile. Majini hao! Wapungwe! Kanali, safari hii, hakucheka. Alimfokea aliyesema mpaka mtu akaomba radhi kwa saluti.

Siku ya kwanza ya mafunzo Kanali mwenyewe alitaka kushuka wavuni kabla ya askari wake. Kwa hilo Meja alimpa heshima yake, ingawa hakumwambia. Koplo mwembamba alikuwepo kwenye foleni, ameomba mwenyewe kuhamia. Kanali alifika ukingoni. Mkanda wa kiuno wazi, wa kidevu wazi, mabega yamelegea. Alionekana kama mtu aliyetolewa nje hajamaliza kuvaa, na ungeona jinsi vidole vyake vilivyotamani kukaza kitu.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, asisikike na askari. "Ile habari ya mikanda. Ulijua tangu lini?"

Meja angeweza kusema tangu pale ukingoni. Lilikuwa jibu jepesi, na lingepita.

"Tangu Jumapili."

"Mezani kwangu?"

"Mezani kwako. Ulipokuwa na mkate mkononi."

Kanali aliitazama bahari, kisha akamtazama koplo yule, aliyekuwa akimtania mwenzake bila kujua anazungumziwa.

"Ukaongeza mchuzi," alisema Kanali. "Nakumbuka. Ukausifu."

"Ndiyo."

Meja alikuwa amewadharau wengi mwezi ule: mwenyekiti, biskuti zake, kamati nzima. Sasa alijitafutia mahali miongoni mwao, akapata kiti bila shida, karibu na sahani.

Kanali alivuka ukingo, akashika kamba zilizosimama, akatafuta kwa mguu iliyolala. Kichwa chake kilipobaki usawa wa sitaha, alisita.

"Kuna kingine unachokijua ambacho hujaniambia?"

Meja alipiga magoti ili wawe uso kwa uso.

"Kipo. Ukifika chini usijiachie mashua ikiwa inashuka. Ngoja ipande mpaka ikufuate miguuni, ndipo uachie."

"Hicho tu?"

"Hicho tu, shemeji. Hakuna kingine."

Kanali alimtazama kwa muda, kama anayekagua mkanda kwa kidole. Kisha akashuka. Chini aliisubiri mashua, ikashuka, ikapanda, na ilipomgusa nyayo akaachia.